Kuteleza si Kuanguka, Lakini Pilau ni Pilau

Nyumbani kwangu hukumu husomwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mama watoto si mtu wa kelele. Miaka yote tuliyokaa hapa Tanga sijamsikia akipandisha sauti, na hana haja ya kuipandisha, maana ana kanga. Siku niliyorudi kutoka kliniki na kusema sukari imepanda, nilikuta uani pameanikwa kanga imeandikwa "Sikio la kufa halisikii dawa". Maandishi yalielekezwa barazani, pale pale ninapokaa. Kesho yake ikapanda "Majuto ni mjukuu". Ijumaa, siku ambayo mtaa mzima unanukia pilau, akajifunga "Mchuma janga hula na wa kwao", akanipakulia bamia na kipande cha samaki, akanikaribisha kwa upole kabisa.

Utamjibu nini mtu aliyevaa nguo tu?

Nina sukari mwaka wa sita na presha mwaka wa tisa. Asubuhi nameza metformini na glibenklamidi kwa ajili ya ile ya kwanza, amlodipini kwa ajili ya hii ya pili. Vidonge sina ugomvi navyo, havisemi. Tatizo ni kwamba mgonjwa wa namna yangu ni mali ya umma. Akikohoa mwenye kifua, watu humpa pole. Akinyoosha mkono kwenye sinia mwenye sukari, watu hutoa methali. Shemeji anayo, muuza duka anayo, kijana wa bodaboda ambaye hata ndevu hazijamtoka ananiambia "mzee, kinga ni bora kuliko tiba" huku ameshika soda ya chupa kubwa.

Hata zile methali za kufariji, ukizitazama vizuri, zilitungwa na watu wenye kongosho zima. Wananiambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu ipi? Embe dodo lililoiva ndilo niliambiwa nile vipande viwili vitatu nikome. Wananiambia haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ni kipimo cha nafaka, jamani, na nafaka ndiyo kesi yenyewe. Wazee wanasema mgonjwa haulizwi uji, yaani aletewe tu. Ukiniletea uji wa sembe wenye sukari bila kuniuliza, saa mbili baadaye utaniletea na gari la kunipeleka hospitali.

Basi nikafanya wanavyofanya watu wanaohukumiwa kila siku: nikawa mwizi. Nilikuwa na mama ntilie wangu karibu na stendi, chapati mbili na chai ya maziwa yenye vijiko vinne, nakula nimegeuzia barabara mgongo. Nilikuwa na kaimati zangu za saa kumi. Karanga za chumvi zilikaa mfuko wa shati, upande wa moyo. Kliniki walinipa daftari la kuandika vipimo, nami nikawa naliandika vizuri mno. Asubuhi 5.9. Jioni 6.4. Jumapili, kwa kuwa ni siku ya mapumziko, nilijipa 5.7. Mama watoto akalisoma, kanga za hukumu zikapungua, nyumba ikatulia. Niliwahi kumsikia akimsifu mume wake kwa jirani, nami sikusahihisha.

Ile amani iliharibiwa na kipimo cha miezi mitatu. Sikuwa nakijua, na laiti ningekijua ningekuwa mwizi mwangalifu zaidi. Sukari ikizidi kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu, na chembe hizo huishi kama miezi minne kabla ya kufa. Kwa hiyo wakichota damu yako leo wanaona wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Unaweza kufunga mdomo siku mbili kabla ya kliniki ukapata namba ya kupendeza kidoleni, lakini chembe zile zilikuwepo siku ya chapati, na zimeandika. Wengi huambiwa wajitahidi iwe chini ya asilimia 7, ingawa kwa wazee na wenye maradhi mengine daktari huweza kulegeza kidogo. Yangu ilikuwa 10.2.

Muuguzi akaiweka ile karatasi upande wa kulia na daftari langu upande wa kushoto, akatazama huku, akatazama huku. Kisha akasema, "Baba, daftari hili ni la mgonjwa mwingine kabisa. Anaendelea vizuri sana, Mungu amzidishie. Sasa nitafutie na la kwako."

Nilirudi nyumbani nikijua kamba itajaa. Lakini nilimkuta shangazi, amefika mchana kutoka Pangani na furushi lake la papa mkavu. Shangazi ana sukari zaidi ya miaka ishirini, miguu yake yote miwili anayo, na macho yake bado yanatunga uzi kwenye sindano. Nikaeleza kilichotokea, kwa sauti ya mtu anayesubiri viboko. Shangazi akasema, "Kuteleza si kuanguka, mwanangu. Chai yako unatia vijiko vingapi?"

Nataka mwangalie vizuri alichofanya bibi huyu. Methali hiyo tunaijua wote, hata kwenye kanga ipo. Lakini wengi wakiisema huishia hapo na kukupigapiga begani. Yeye aliisema kama mtu anayefungua mlango, na papo hapo akauliza swali ambalo jibu lake ni namba. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kujitetea nikajikuta nasema ukweli: vinne, mara tatu kwa siku. Kumi na viwili. Ndiyo mara ya kwanza nilitaja idadi ile mbele ya mke wangu, na wala dari haikuporomoka.

"Bandu bandu huisha gogo," akasema shangazi. "Wiki hii vitatu na nusu."

Daktari, bila shaka, angetaka niache siku hiyohiyo, na ana haki yake. Lakini mimi nimeshaacha siku hiyohiyo mara tatu. Mara zote nilirudi siku ya tano na vijiko vitano, kama mtu anayelipia deni. Kwa hesabu ya shangazi, nusu kijiko kila wiki, vijiko vinne vilipaswa kwisha wiki ya nane. Nilinung'unika wiki zote. Niliijaribu asali, nikaambiwa asali nayo ni sukari, iwe ya nyuki wakubwa au wadogo. Wiki ya sita nilimuuliza kama hili gogo halina fundo la kupumzikia. Akanijibu, "Lipo. Ukichoka, kaa hapo ulipofika. Usirudi shinani tu." Basi wiki ile nikakaa kwenye kijiko kimoja na nusu, inayofuata nikaendelea, na ndiyo maana kwangu mimi zikawa wiki tisa.

Mama watoto, nisimsingizie, alikuwa akisikiliza haya yote. Naye ana uchungu wake. Babake alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu, na kanga zile alikuwa anaziandikia hofu, basi tu zikifika barazani nazisoma kama matusi. Lakini ukweli wa mambo ni kwamba "Sikio la kufa" ilinifundisha kujificha na "Bandu bandu" ikanifundisha kuhesabu, na mtu anayejificha hahesabu.

Baada ya chai likaja suala la sahani, ambalo ni ugomvi hadi leo. Kliniki walifundisha kwamba nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe samaki, nyama au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali, kiasi cha ngumi ya mlaji mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejikinga kwa ugali wa dona. Mtaani kwetu dona linazungumzwa kama dawa. Nikawa nakula mlima wa dona kwa moyo safi. Dona lina makapi yake na hushibisha mapema, hilo ni kweli, lakini wanga ni wanga. Mlima wa dona hupandisha sukari kama mlima mwingine wowote. Shangazi hakuniambia nilikuwa mjinga. Aliniambia, "Kupotea njia ndiyo kujua njia. Pima kabla ya kula, pima saa mbili baada ya kula, utaona mwenyewe njia ilipotokea."

Nikapima. Mlima wa dona: kabla 7.4, baada ya saa mbili 14.1. Siku iliyofuata ngumi moja ya dona, mchicha wa kutosha na samaki wa kuchoma: kabla 7.6, baadaye 9.8. Unga ni uleule, wa mfuko uleule. Kliniki walikuwa wameniambia nijitahidi isipite 10 baada ya chakula. Sikupenda matokeo hayo, na nilipendekeza tutumie ngumi ya binamu yangu aliyekuwa mpakuaji bandarini, mtu wa mikono ya haja. Pendekezo lilikataliwa.

Upande wa chumvi ndiko nilikoteseka kuliko kote, na ndiko shangazi alikotumia msemo wa kwake mwenyewe, maana sijausikia kwa mtu mwingine: "Ulimi nao husahau." Mwenye presha huambiwa chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Humo imo ile iliyokwisha kujificha ndani ya mkate, samaki mkavu na vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Shangazi akachukua kikopo, akapima nusu kijiko kwa kila mtu mzima, akasema hiyo ndiyo chumvi ya jiko kwa leo, ile nusu nyingine mtaikuta kwenye vyakula vyenyewe. Kisha akauliza magadi yako wapi. Mama watoto akashangaa, maana magadi alikuwa hayahesabu. Ni ya kulainishia maharage tu. Lakini magadi yana sodiamu ileile iliyo kwenye chumvi, na presha haiulizi imepitia mlango gani. Siku hizi maharage yanalowekwa usiku kucha na yanaiva bila magadi, kwa muda mrefu kidogo na manung'uniko mengi, yangu.

Hata papa wake wa Pangani hakumsamehe. Alimloweka usiku mzima, akamwaga maji, akamchemsha, akamwaga tena, ndipo akamtia nazi, ndimu na tangawizi. Na bado akasema chumvi yote haijatoka, kwa hiyo kila mtu kipande kimoja, na papa mwingine tutaonana mwezi ujao.

Wiki ya kwanza mchuzi ulikuwa kama maji yaliyooshea samaki. Nilikula kwa huzuni. Wiki ya pili nilikula kwa hasira. Nikilalamika shangazi hanikemei wala hanihubirii, anasema tu, "Ulimi nao husahau, mpe muda," na kunisogezea ndimu na pilipili. Wiki ya sita nikaalikwa chakula kwa rafiki yangu, nikaonja mchuzi wake, nikadhani wamemwaga kikopo kizima kwa bahati mbaya. Nikatazama wenzangu: wanakula, wanasifu. Ulimi wangu ulikuwa umesahau bila kuniarifu. Nilijisikia kama mtu aliyeibiwa, tena kwa faida yake.

Sasa msidhani nimekuwa walii. Mwezi wa tatu tukaalikwa harusi.

Nikapanga mpango wa kisomi. Nikasema, kama pilau litapandisha sukari, basi niishushe kwanza; sitakula asubuhi, sitakula mchana, nitaweka nafasi. Vidonge nikameza kama kawaida saa moja, nisije nikaambiwa mkaidi. Hilo ndilo lilikuwa kosa lenyewe. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, na haina habari kama umekula au umeweka nafasi. Saa saba na nusu, bwana harusi hajaonekana, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho baridi, moyo unadunda, na nikawa nimemchukia kila mtu pale ukumbini, hasa mshehereshaji. Nilifikiri ni njaa na ubaya wa mashairi. Shangazi akanitazama mara moja tu, akatoa mashine yake kwenye mkoba, akanitoboa kidole: 3.1.

Chini ya 4 hapo hapaongelewi methali. Nilipewa nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari yake, ile ambayo miezi mitatu mizima nimekuwa nikiiota, nami nikainywa bila hata kuifaidi. Asiye na soda angekoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji. Tukasubiri dakika kumi na tano, tukapima tena: 4.7. Ingebaki chini, ningerudia. Akasema sasa kula kitu, sinia ndiyo hiyo imefika.

Ningekula kitu ningekuwa salama. Nilikula kila kitu. Mtu aliyeshuka hadi 3.1 ana njaa isiyo ya kawaida, na pilau la nyama halikuwa mbali. Sahani mbili, kaimati sita, nikafunga kwa juisi ya embe. Saa mbili baadaye ilikuwa 15.9.

Nilipofika nyumbani nilikaa na daftari. Kalamu, naapa, ilitaka yenyewe kuandika 6.2. Mama watoto amekaa pembeni anafikicha macho kwa usingizi, shangazi anavua viatu. Nikaandika 15.9. Nikasema nimeshaharibu, miezi mitatu yote maji ya bahari, kesho narudi kwa mama ntilie.

"Umeteleza," shangazi akasema. "Aliyeteleza huulizwa alikanyaga nini. Ulikanyaga nini?"

Nikajibu pilau. Akatikisa kichwa. Kabla ya pilau? Njaa. Kabla ya njaa? Ule mpango wa kuweka nafasi. "Basi ganda la ndizi ni hilo," akasema, "wala si pilau. Harusi nyingine ipo Jumamosi ya wiki ijayo. Hilo ganda tutaliruka." Akaenda kulala. Mimi nilikuwa na hotuba ndefu ya majuto, nikabaki nayo.

Harusi ya pili nilikunywa chai asubuhi na kula kipande cha muhogo na yai, mchana nikala kidogo kabla ya kutoka. Ukumbini nikaanza na kachumbari, nyingi, hadi jirani akaniuliza kama mimi ni wa ukoo wa sungura. Nikafuata nyama, na pilau likaja mwisho, ngumi moja, ya kwangu si ya binamu. Shangazi alikuwa amenichagulia meza iliyo mbali na sufuria, maana anasema mkono haufiki kule ambako mguu una uvivu. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Kipimo cha saa mbili: 9.2. Nilikiandika daftarini kwa herufi kubwa, nikakipigia mstari, nikaliacha daftari wazi mezani mahali ambapo mke wa mtu hawezi kukosa kuliona.

Kipimo cha miezi mitatu kilichofuata kilikuwa 8.1. Muuguzi alisema, "Sasa hili daftari na hii karatasi ni ndugu," akaniambia tuendelee. Mimi nilitegemea walau chapati moja ya pongezi. Hakuna utaratibu huo.

Shangazi kesharudi Pangani. Kabla ya kuondoka alimnunulia mama watoto doti mpya, imeandikwa "Kuteleza si kuanguka", nayo ndiyo inapepea uani ninapoandika haya. Ile ya "Sikio la kufa" imekuwa ya kushikia sufuria la moto. Jumamosi kuna harusi nyingine mtaa wa pili. Mtakaonikuta huko, nitakuwa meza ya mwisho karibu na mlango. Methali zenu kaeni nazo, mimi nipitishieni kachumbari.